Nyuso, utofautishaji na maandishi: vijipicha vya YouTube vinavyomdanganya anayevipima

Kuna zoezi ambalo karibu kila mwenye chaneli ya YouTube hulifanya siku moja. Anafungua YouTube Studio, anapanga video zake kwa kiwango cha kubofya, anachukua kumi za juu na kumi za chini, kisha anaviweka vijipicha vyake sambamba. Vijipicha ndivyo wengi wetu tunavyoviita thamneli. Juu anaona nyuso za watu, rangi kali na maneno machache makubwa. Chini anaona sufuria, meza, maandishi madogo yaliyorundikana. Anafunga kompyuta akiwa na sheria tatu mfukoni: weka uso, kaza rangi, punguza maneno.

Macho yake hayakukosea, kwa sababu alichokiona kipo kweli. Kosa liko katika kile alichokilinganisha, na ili kulionyesha nitatumia chaneli moja ya mfano mpaka mwisho. Tuseme ni chaneli ya vyakula vya mwambao yenye video 60. Baadhi ni mapishi yanayopikwa nyumbani: mchicha wa nazi, pilau, mkate wa kumimina. Nyingine ni za kutembelea wauzaji: muuza urojo, mama lishe, mkaanga mihogo wa kona fulani. Namba zake nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini mtego uliomo ndani yake utaukuta katika chaneli nyingi za kweli.

Kabla ya kugusa picha yoyote, swali la kwanza ni hili: bora kwa kipimo gani? Studio inatoa namba iitwayo Impressions, yaani mara ambazo kijipicha kilionekana, na nyingine iitwayo Impressions click-through rate, yaani asilimia ya mionekano hiyo iliyozaa mbofyo. Mwonekano huhesabiwa kijipicha kikikaa kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja huku angalau nusu yake ikionekana. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote zina kiwango cha kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo mwenye asilimia 4 hana sababu ya kukosa usingizi.

Shida ya kiwango hiki ni kwamba hushuka video inapofanikiwa. Siku za mwanzo kijipicha hupelekwa kwa watu wanaokujua, nao hubofya. Video ikishika kasi, YouTube huanza kuwaonyesha watu wasiokujua kabisa, na hao wengi hupita. Video iliyoonekana mara 1,000,000 kwa kiwango cha asilimia 3 imebofywa mara 30,000. Iliyoonekana mara 5,000 kwa asilimia 9 imebofywa mara 450. Ukipanga kwa kiwango peke yake, ya pili itakaa juu, na ile iliyokulisha mwaka mzima itaingia katika kundi la mbovu.

Kuna pia kelele za namba ndogo. Tuseme kiwango halisi cha kijipicha ni asilimia 5. Kikionekana mara 200 tu, bahati peke yake inaweza kukionyesha popote kati ya asilimia 2 na 8. Kikionekana mara 1,000, kati ya 3.6 na 6.4. Kikionekana mara 10,000, kati ya 4.6 na 5.4. Maana yake ni kwamba ncha mbili za orodha yako, ya juu kabisa na ya chini kabisa, hujaa video zenye mionekano michache, na hizo zimefika pale kwa kurushwa na upepo. Halafu ndizo unazozichagua kuzisoma kama mwalimu.

Kwa hiyo katika chaneli yetu ya mfano tunachuja kwanza. Tunachukua mionekano ya Browse features peke yake, yaani ukurasa wa mwanzo na jirani zake, kwa sababu mtu anayetafuta "jinsi ya kupika mkate wa kumimina" anasoma kichwa cha video na nia anayo tayari, wakati yule wa ukurasa wa mwanzo hakuwa na mpango nawe. Tunaacha kila video ambayo chanzo hicho kimeipa mionekano chini ya 5,000. Tunaacha pia kila video ambayo kijipicha chake kiliwahi kubadilishwa, maana kiwango cha jumla kinachoonekana leo ni mchanganyiko wa picha mbili, na moja haipo tena. Zinabaki video 48. Robo ya juu ni 12, robo ya chini ni 12.

Sasa tunahesabu nyuso. Katika 12 za juu, 9 zina uso wa mtu. Katika 12 za chini ni 4 tu. Tofauti ya namna hiyo inatosha kumfanya mtu aandike uzi mrefu mtandaoni.

Ila tuzigawe kwanza kwa aina ya video. Katika zile 12 za juu, 8 ni za kutembelea wauzaji na 4 ni za mapishi. Katika 12 za chini, 2 ni za wauzaji na 10 ni za mapishi. Na ni wazi kwamba video ya kumtembelea muuza urojo ina uso, kwani muuza urojo ni mtu, wakati video ya mchicha ina mchicha. Tulidhani tumepima uso, kumbe tumepima mada.

Ili kuitenganisha mada na uso, tunaziacha ncha na kurudi kwenye video zote 48. Mapishi ni 30. Kati ya hayo 10 yana uso, na wastani wake ni asilimia 4.3. Yasiyo na uso ni 20, wastani asilimia 4.1. Za wauzaji ni 18. Zenye uso ni 16, wastani asilimia 6.6, na zisizo na uso ni 2, wastani 6.4. Ndani ya kila aina, uso umeongeza sehemu 0.2 tu ya asilimia. Lakini ukizichanganya zote bila kujali aina, zenye uso zinapata wastani wa 5.7 na zisizo na uso 4.3, tofauti ya 1.4. Ile 1.2 ya ziada imetoka kwenye mada, ikavaa sura ya mtu. Mwenye chaneli akienda kupachika uso wake kwenye kila sufuria ya mchicha akitarajia kupanda kwa 1.4, atasubiri sana.

Hapo sijasema uso haufai. Nimesema kwamba kulinganisha ncha hakuwezi kukuambia kama unafaa. Na kabla hujaugawa uso kwa mada, kuna suala la namna ulivyouhesabu, ambalo binafsi naliona gumu zaidi.

Wenye kupenda kompyuta hukimbilia kitambua nyuso cha OpenCV, maktaba ya programu za kuchambua picha. Ni faili liitwalo `haarcascade_frontalface_default.xml`. Njia yake ilibuniwa na watafiti Viola na Jones mwaka 2001, na hufanya kazi kwa kutafuta mpangilio wa mwanga na kiza: eneo la macho huwa na kiza kuliko mashavu, daraja la pua huwa na mwanga kuliko macho. Faili hilo limefundishwa nyuso zinazotazama mbele. Mtu aliyeinamia jiko akionekana upande mmoja, litamkosa. Anayecheka kichwa kikiwa kimelala begani, mara nyingi litamkosa pia. Na mtu mwenye ngozi nyeusi aliyepigwa picha dirisha likiwa nyuma yake, au chini ya taa moja hafifu ya jikoni, ile tofauti ya macho na mashavu inafifia mpaka chombo hakioni kitu. Kwa upande mwingine, sufuria yenye mishikio miwili na ufa katikati faili hilo huiona kuwa uso bila haya.

Kama makosa hayo yangetawanyika ovyo, yangefifisha tu matokeo. Hayatawanyiki ovyo. Chombo hukosa nyuso zaidi katika picha zenye mwanga mbaya, na picha zenye mwanga mbaya ndizo ambazo huenda zinabofywa kidogo. Kwa hiyo kwenye jedwali lako, safu uliyoiandika "uso upo" kwa kweli inasema "uso upo na umemulikwa vizuri". Ukikuta kwamba safu hiyo inaendana na kubofya, hujui kama aliyefanya kazi ni uso au ni taa. Nyuso na utofautishaji, vitu viwili ulivyotaka kuvipima kila kimoja peke yake, vimeshafungwa pamoja na kipimo chenyewe.

Dawa ya video 48 ni rahisi: hesabu kwa macho. Ni kazi ya nusu saa. Mpe na mtu mwingine ahesabu bila kuona namba zako za kubofya, kwa sababu ukijua kwamba video hii ilifanya vizuri utauona uso hata kwenye kivuli. Wala usiandike ndiyo au hapana tu. Andika urefu wa uso, kutoka kidevu hadi paji, kama sehemu ya urefu wa picha. Uso unaochukua moja ya kumi ya picha na uso unaochukua nusu yake ni vitu viwili tofauti. Pembeni mwa ukurasa wa YouTube kwenye kompyuta, kijipicha huchorwa kwa upana wa pikseli 168 na urefu wa 94. Ule uso wa moja ya kumi unabaki na urefu wa pikseli 9. Huwezi kuona kama amekasirika au anapiga chafya.

Tukija kwenye utofautishaji, neno lenyewe lina maana mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya picha nzima: mwanga wa pikseli zake umetawanyika kiasi gani kati ya kiza na weupe. Hiyo hupimwa kwa mistari michache ya Python:

```python
from PIL import Image, ImageStat
p = Image.open("mqdefault.jpg").convert("L")
print(ImageStat.Stat(p).stddev[0])
```

Jibu ni kati ya 0, picha ya rangi moja tupu, na 127.5, nusu nyeusi tii na nusu nyeupe pe. Angalia jina la faili: YouTube huhifadhi kila kijipicha kwa saizi kadhaa, kila moja na jina lake. Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza nilipakua picha za aina ya `hqdefault.jpg` kwa kuwa ni kubwa zaidi, nikashangaa kwa nini vijipicha vyenye mwanga mwingi vilikuwa na utofautishaji wa ajabu. `hqdefault.jpg` ina pikseli 480 kwa 360, lakini kijipicha chenyewe ni 480 kwa 270 tu. Pikseli 45 za juu na 45 za chini ni mistari myeusi ya kujazia. Robo nzima ya picha ni weusi usio wako. Ukichukua picha ya kijivu kimoja chepesi, thamani 200 kila mahali, isiyo na utofautishaji hata chembe, mistari hiyo itaipa alama karibu 87. Nilikuwa napima mistari ya YouTube. `mqdefault.jpg` ni ndogo, 320 kwa 180, lakini haina mistari.

Hata ukipima sawasawa, namba hiyo ya picha nzima haikuambii unachotaka kujua. Mchicha uliokatwakatwa, wenye mafuta yanayong'aa na vivuli kila jani, una mtawanyiko mkubwa wa mwanga, na ukiupunguza hadi pikseli 168 unageuka kuwa ukungu wa kijani. Sahani moja ya pilau juu ya kitambaa cheupe inaweza kupata alama ndogo kuliko huo mchicha, na bado ikatambulika toka mbali. Katika mapishi, alama hii hupanda kwa sababu ya vurugu za picha mara nyingi kama inavyopanda kwa sababu ya uwazi wake. Ukiona haina uhusiano wowote na kubofya, usihitimishe kwamba utofautishaji hauna kazi.

Maana ya pili ndiyo yenye faida: kitu kikuu dhidi ya kinachokizunguka, au herufi dhidi ya kilicho nyuma yake. Hapa hutumika uwiano ule ule wa miongozo ya tovuti kwa watu wenye uoni hafifu. Unachukua ung'aavu wa rangi mbili, kila mmoja kati ya 0 na 1, na kuhesabu hivi:

```
(L1 + 0.05) / (L2 + 0.05)
```

L1 ni ile inayong'aa zaidi. Jibu huanzia 1, yaani hakuna tofauti, hadi 21, yaani nyeupe juu ya nyeusi. Miongozo hiyo inataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa makubwa.

Jaribu herufi nyekundu kamili juu ya kijani cha mchicha, tuseme rangi `#FF0000` juu ya `#008000`. Ung'aavu wa nyekundu ni 0.213, wa kijani 0.154. Uwiano ni 1.28. Kwenye skrini kubwa unapotengeneza kijipicha rangi hizo zinagombana na zinaonekana kali kweli kweli, kwa hiyo unaamini zinasomeka. Zikipungua zinamezana. Njano kamili juu ya nyeusi inatoa 19.6, na njano hiyo hiyo juu ya nyeupe inatoa 1.07. Basi ile sheria ya "weka njano" inategemea kabisa njano imekaa juu ya nini. Nyeupe juu ya nyekundu ni 4.0, ambayo kwa herufi kubwa inatosha. Ukitaka kuhakiki bila hesabu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu kisha uitazame kwa umbali wa mkono. Rangi ikishaondoka ndipo unajua kilichokuwa kinashikilia picha.

Maandishi ndiyo sehemu ambayo ushauri wa Kiingereza unatupotosha zaidi. Ushauri wenyewe husema maneno matatu au manne, basi. Lakini "hawatakuambia" ni neno moja, lenye herufi 13, na limebeba mtendaji, kanusho, wakati na mtendwa. Kichwa cha maneno matatu kwa Kiswahili, kama "wanachokificha wauza urojo", kina herufi 24. Ukihesabu maneno, kijipicha hicho kinapita mtihani. Ukikitazama, herufi zimebanwa mpaka zimekuwa nyembamba kama uzi. Kwa hiyo katika jedwali letu hatuandiki idadi ya maneno. Tunaandika idadi ya herufi, na zaidi ya hapo tunaandika urefu wa herufi ndogo kuliko zote zinazopaswa kusomwa.

Kipimo chake kinafuatika kirahisi. Kijipicha hutengenezwa kwa pikseli 1280 kwa 720. Kutoka 720 hadi 94 ni kugawanya kwa karibu 7.7. Herufi yenye urefu wa pikseli 60 pale kwenye meza ya kazi inabaki na pikseli 8 pembeni mwa ukurasa, na hapo "n" na "h" ni ndugu. Herufi ya 100 inabaki na 13, inasomeka. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu mambo ni tofauti, maana kijipicha hutanda upana wote wa skrini. Skrini ya sentimita 6.5 inakipa urefu wa takriban sentimita 3.7, na ile herufi ya 60 inakuwa na milimita 3 hivi, sawa na maandishi ya kawaida ya kitabu. Kwa hiyo kabla ya kulaumu maandishi madogo, tazama Device type kwenye Studio. Kama karibu wote wanakutazama kwa simu, huenda maandishi hayo yanasomeka vizuri, na kinachowachosha ni kwamba yanarudia neno kwa neno kichwa kilichoandikwa chini yake.

Kona ya chini kulia iache tupu. Muda wa video hukaa hapo. Katika kuhesabu nimekuta vijipicha ambavyo neno la mwisho lilikuwa chini ya kile kisanduku cheusi tangu siku ya kwanza, na mwenyewe hakuwahi kulitambua kwa sababu kwenye programu ya kutengenezea kisanduku hakipo.

Turudi kwenye video 48. Baada ya kuzigawa kwa mada, uso umetuachia tofauti ya 0.2, na kwa zile za wauzaji tuna mbili tu zisizo na uso, idadi isiyoweza kusema lolote. Jedwali limefika mwisho wake. Linachoweza kutoa sasa ni swali la kujaribiwa, na YouTube ina chombo cha kulijaribu, kilichoanza kwa jina la Test & Compare, kinachokuruhusu kupakia hadi vijipicha vitatu kwa video moja na kuvigawa kwa watazamaji kwa muda wa hadi wiki mbili. Hapo mada ni ile ile na kichwa ni kile kile, kwa hiyo kilichobadilika ni picha tu.

Kuna jambo moja wengi hawalioni kwenye chombo hicho: mshindi hachaguliwi kwa kiwango cha kubofya. Anachaguliwa kwa sehemu ya muda wa kutazama. Kijipicha chenye uso uliopanuliwa macho kinaweza kuvuta mibofyo mingi ya watu wanaoondoka baada ya sekunde 20, kikashindwa na sahani tulivu iliyoleta wachache waliokaa mpaka nazi inachemka. Kwa hiyo usishangae jaribio likipingana na jedwali lako. Jedwali lilipima mibofyo, jaribio limepima dakika.

Kwa video ijayo ya mchicha wa nazi, basi, vijipicha vitatu: cha kwanza ni bakuli la mchicha juu ya kitambaa cheupe, bila mtu wala neno. Cha pili ni bakuli lile lile, kitambaa kile kile, na uso wa mpishi ukichukua theluthi ya urefu, taa ikiwa mbele yake. Cha tatu ni kama cha kwanza, ila kina neno moja lenye herufi za pikseli 120, jeupe ndani ya mstari mweusi, juu kushoto. Ukiongeza uso na neno kwa pamoja katika kimoja, na kikashinda, utakuwa umerudi pale pale pa kutojua ni kipi kilichoshinda. Na kama chaneli ni changa na kijipicha kinaonekana mara mia chache tu kwa wiki, wiki mbili hazitatosha, na chombo hakitampata mshindi. Hapo ni afadhali kurudia jaribio hilo hilo kwenye mapishi matano yanayofuatana na kutazama kama upande mmoja unaegemewa kila mara, kuliko kusubiri jibu kutoka bakuli moja.